Barua kwa mwanangu: benki irudishe makato

"Mama, benki inanikata makato ya mwezi toka Machi na wakati nafungua akaunti niliambiwa haina makato hayo. Nimeenda tawini wamesema niandike barua. Nimejumlisha nimepata 17,110, niandikeje?"

Mwanangu, stetimenti uliyonitumia nimeisoma, madai unayo ila hiyo 17,110 usiipeleke. Nilikaa bekofisi ya benki muda mrefu na nakwambia barua yenye jumla isiyolingana na stetimenti inawekwa pembeni hata kama mteja ana haki, maana anayeishughulikia lazima aombe idhini ya kila shilingi inayorudi na hawezi kuombea hela asiyoiona kwenye mfumo.

Kwanza toa ule mstari wa 14/04/2025 wa 2,360. Hapo ulitoa hela kwenye ATM ya benki nyingine, na orodha ya ada za benki yako inasema hiyo inalipiwa, kwa hiyo ni halali hata kama inauma. Ukiichanganya humo wataijibu hiyo moja kwa kirefu na zile za kweli zitapotelea hapo.

Inabaki 14,750. Sasa angalia tarehe 05/06, kuna mstari umeandikwa REVERSAL 2,500, hiyo ni hela wamekurudishia wenyewe na wewe hukuiona kwa sababu ulikuwa unatafuta makato tu. Walishagundua kwamba makato ya Mei wamekukata mara mbili. Mstari wa 02/06 ukiusoma kwenye safu ya Value Date unaona imeandikwa 31/05, yaani ni Mei ileile imerudiwa, siyo Juni. Ila walirudisha ada peke yake wakasahau VAT yake ya 450, na hili linatokea sana kwa sababu kodi inakaa kwenye mstari wake na mtu akibonyeza kurudisha ada, kodi haifuati yenyewe. VAT ni asilimia 18 ya ada, ada isipokuwepo na kodi yake haina pa kusimama, kwa hiyo idai.

Kwa hiyo 14,750 toa 2,500 unabaki na 12,250. Andika hivi, kwa Meneja wa Tawi, weka tarehe na namba yako ya simu iliyosajiliwa benki:

YAH: KUREJESHEWA MAKATO YA MWEZI SH. 12,250, AKAUNTI NAMBA (weka yako)

Akaunti yangu ya akiba haina makato ya mwezi kwa mujibu wa orodha yenu ya ada, nakala nimeambatanisha. Hata hivyo nimekatwa kama ifuatavyo, kila tarehe ni ada 2,500 na VAT 450:

31/03/2025: 2,950
30/04/2025: 2,950
31/05/2025: 2,950
02/06/2025: 2,950 (Mei mara ya pili)
30/06/2025: 2,950
Jumla iliyokatwa: 14,750
Toa iliyorudishwa 05/06/2025: 2,500
Ninayodai: 12,250

Naomba kiasi hicho kirudi kwenye akaunti hiyohiyo, na aina ya akaunti yangu irekebishwe kwenye mfumo kabla ya 31/07/2025. Naomba majibu kwa maandishi.

Hiyo sentensi ya kurekebisha aina ya akaunti usiifute. Makato ya mwezi hakati mtu, mfumo unapita wenyewe mwisho wa mwezi unasoma akaunti iko kundi gani, na nikiangalia yalivyoanza ghafla Machi nahisi kuna mtu alikuhamisha kundi, labda ulipobadilisha kadi. Wakirudisha hela bila kugusa kundi, mwisho wa Julai unakatwa tena.

Maneno ya "mmeniibia" yaache, hayakuongezei hata senti. Ambatanisha stetimenti yenye muhuri ya Machi mpaka mwanzo wa Julai, piga mstari kwa kalamu kwenye hayo makato matano na kwenye ile REVERSAL pia, wakiona umeikubali hela yao na hesabu zako watazikubali haraka. Kitambulisho toa kopi. Namba ya siri usiiandike popote na usimpe mtu hata akikupigia anasema anashughulikia barua yako.

Peleka kopi mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe ubaki nayo, halafu omba namba ya lalamiko. Hii ndiyo utaihitaji wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, kwa sababu Benki Kuu ina dawati la malalamiko na kuna kanuni za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, lakini watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yako.

Hela ikiingia hakikisha ni 12,250 kamili. Ikija 10,000 ujue wamehesabu ada nne na VAT zote tano wameziacha, rudi na kopi ileile uwaonyeshe 2,250 iliyobaki.