Usiiamini mistari ya chati kabla ya kuhesabu nyota

Ukifungua chati yako kwenye programu yoyote ya unajimu, utaona mistari ya rangi inayounganisha sayari. Mistari hiyo huchorwa kwa nyuzi: sayari mbili zikiachana kwa nyuzi 120 au karibu na hapo, programu inachora pembetatu na kusema zinasaidiana. Wanajimu wa zamani waliosoma kwa Kigiriki walianza kwingine. Walitazama kwanza nyota, yaani Punda, Ng'ombe, Mapacha na zile nyingine, kisha ndipo wakaja kwenye nyuzi. Mimi nasoma chati kwa mpangilio huo, na nakushauri nawe uufuate.

Hesabu ni rahisi. Anza na nyota ilipo sayari yako, hiyo iwe ya kwanza. Nyota ya 3, 4, 5, 7, 9, 10 na 11 kutoka hapo zinatazamana nayo, hata kama nyuzi hazilingani kabisa. Ya 2, 6, 8 na 12 hazioni kitu: zimepeana kisogo. Ptolemai wa Aleksandria, katika karne ya 2, anazitaja nyota za namna hii kuwa zisizounganika. Nyumba nazo huhesabiwa hivyo hivyo kuanzia nyota inayochomoza, na ndiyo maana nyumba ya 6, 8 na 12 zilihesabiwa kuwa ngumu. Nyota inayochomoza wakati wa kuzaliwa haizioni.

Nimetunga mfano huu ili tofauti ionekane wazi. Mtu amezaliwa Mashuke ikichomoza kwa nyuzi 28. Mtawala wa Mashuke ni Utaridi, naye yuko Ndoo nyuzi 2. Kati yao kuna nyuzi 124, kwa hiyo programu nyingi zitachora pembetatu, na msomaji atasema huyu mtu na mtawala wake wanapatana vizuri. Sasa hesabu nyota: Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo. Ni ya sita. Utaridi haioni Mashuke hata kidogo. Ni kama mwenye nyumba aliyehamia mji mwingine: nyumba ni yake bado, lakini hajui paa linavuja.

Katika kusoma, sisemi kwamba huyu mtu hana akili au bahati. Utaridi anafanya kazi zake huko alipo, kwenye nyumba ya 6, nyumba ya maradhi na kazi za jasho kwa ajili ya wengine. Kinachokosekana ni habari kufika kwa mwenyewe. Namuuliza: je, unashughulikia mambo ya watu hadi unasahau mwili wako? Je, watu wa nje huona uchovu wako kabla wewe hujauhisi? Majibu ndiyo yanayonionyesha uzito wa jambo, maana chati haisemi kiwango.

Usiishie hapo. Tafuta sayari inayoziona pande zote mbili. Tuseme Mshtarii yuko Mapacha nyuzi 5. Mapacha inaitazama Ndoo kwa pembetatu na Mashuke kwa mraba, kwa hiyo Mshtarii anaweza kupeleka habari. Yuko nyumba ya 10, basi huenda ni mkubwa kazini au mwalimu anayemwambia mtu huyu ukweli kuhusu hali yake. Na hapa nyuzi zinapata kazi yake halisi: Utaridi ana nyuzi 3 tu kumfikia Mshtarii katika pembetatu kamili, kwa hiyo uhusiano huo una nguvu na uko hai. Nyota zinajibu kama sayari zinaonana, nyuzi zinajibu kwa nguvu gani.

Kisogo si hasara kila mara. Mirihi akiwa amempa Mwezi kisogo, nashukuru, kwa sababu hawezi kumfikia moja kwa moja. Pia kuna nyota zisizoonana lakini zina mtawala mmoja, kama Ng'ombe na Mizani za Zuhura, au Punda na Nge za Mirihi. Hapo wa kale waliona undugu fulani, nami hulegeza hukumu.

Jihadhari na jambo moja kwenye programu. Ukichagua nyumba za `Whole Sign`, yaani kila nyota nzima iwe nyumba moja, mistari haibadiliki. Inaendelea kuchorwa kwa nyuzi. Hesabu ya nyota ufanye mwenyewe.

Na kabla ya kutamka lolote kuhusu mtu wa mfano wetu, uliza saa ya kuzaliwa imetoka wapi. Nyuzi 28 ni ukingoni. Dakika kama kumi mbele, Mizani inachomoza, mtawala anakuwa Zuhura, na Ndoo inageuka nyumba ya 5 inayotazamana na Mizani vizuri kabisa. Kama saa ni ya kukumbuka tu, "usiku, watu walipokuwa wanalala", mimi huacha kusoma mtawala wa nyota inayochomoza na kubaki na sayari zenyewe kwa zenyewe.