Leseni unayo, gari huna: uliza kwanza siku mbaya ni ya nani

Nilipopata leseni sikuwa na gari, na katika miaka minne ya kuendesha magari ya watu nimezipitia njia tatu ambazo mtu wa hali hiyo huzifikiria: kufundisha udereva, kuendesha gari la mtu kwa malipo, na kushirikiana na mwenye gari au mwenye bidhaa katika kazi ya kusambaza mizigo. Wanaoanza huniuliza ni ipi yenye fedha zaidi. Mimi huwaomba waanze na swali jingine: gari likilala gereji nusu siku, abiria wakikosekana, au mteja akikataa mzigo mlangoni, hasara hiyo inaingia mfuko wa nani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kipato chako, kuliko kiasi unachoahidiwa siku ya kwanza.

Kufundisha nitakugusia kwa ufupi, kwa sababu kwa mgeni njia hiyo mara nyingi haijafunguka bado. Leseni ya kuendesha si kibali cha kufundisha. Katika nchi nyingi mwalimu hupimwa na kupewa kibali chake mwenyewe, na hutakiwa awe ameshika leseni kwa miaka kadhaa. Tena gari la mafunzo huwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na mara nyingi klachi ya pili, na si kwa mapambo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mwanafunzi akikanyaga mafuta badala ya breki, wewe uliyekaa pembeni ukiwa na breki ya mkono peke yake umekwisha kuchelewa. Ukiombwa na jirani umfundishe kwa malipo katika gari lake la kawaida, kataa kwa heshima. Kama moyo wako uko katika ualimu, omba kazi katika shule yenye magari na vibali, na uulize mapema kama unalipwa kwa mwezi au kwa kila saa ya somo, kwa maana anayelipwa kwa saa ya somo hapati kitu mwanafunzi asipofika.

Njia ambayo wengi wetu huanza nayo ni kuendesha gari la tajiri, na hapa nataka tukae kwa muda. Malipo yake huja kwa sura tatu. Kuna mshahara, wa siku au wa mwezi, ambapo mapato yote ni ya mwenye gari. Kuna mgawanyo, ambapo mnaondoa gharama za siku kisha mnagawana kinachobaki. Na kuna hesabu, yaani kiasi maalumu unachompelekea tajiri kila siku, nawe unabaki na kinachozidi baada ya kujaza mafuta. Hesabu huvutia kuliko zote, kwa sababu siku ikiwa nzuri ziada yote ni yako, na tajiri anapokueleza kazi hukueleza siku nzuri.

Tuchukue mfano. Mapato ya siku ya kawaida tuyaite 100, ili kila mmoja abadilishe kwa fedha anazozijua. Mafuta yanakula 35, kuosha na kuegesha 5, hesabu ya tajiri ni 40. Unabaki na 20, na ukizidisha kwa siku sita za kazi unaona 120 kwa wiki. Ndivyo nilivyopiga mahesabu yangu mwenyewe mwanzoni, na ndipo nilipokosea, kwa sababu wiki haina siku sita za kawaida.

Wiki halisi ilikuwa hivi. Siku moja ilikuwa njema, mapato 120 na mafuta 40, nikabaki na 35. Siku tatu zilikuwa za kawaida, jumla 60. Siku moja abiria walikuwa haba, mapato yakawa 80, lakini mafuta hayakushuka kwa kiwango hicho, kwa kuwa dereva asiye na abiria huzunguka kuwatafuta. Yalikula 31, nikabaki na 4. Siku ya sita gari lilichemka na kulala kwa fundi tangu asubuhi hadi mchana. Nilipata 50, mafuta yakala 18, kuosha na kuegesha 5, na hesabu ikabaki 40 ileile, hivyo nikaongeza 13 kutoka mfukoni mwangu. Jumla ya wiki ni 86, ambayo ni kama 14 kwa siku, wala si 20. Dereva wa mshahara wa 15 kwa siku angekuwa na 90, na angekuwa amelala usingizi.

Ukitazama mfano huo utaona pia mahali ambapo sakafu inakatika: mapato yakishuka chini ya 75 hivi, unafanya kazi siku nzima ili ulipe mafuta na hesabu tu. Kwa hiyo kabla ya kukubali hesabu, usiulize wastani wa mapato. Uliza ni siku ngapi katika wiki mapato hushuka chini ya kiwango hicho. Tajiri mara nyingi hajui, kwa kuwa yeye hupokea kiasi kilekile kila jioni. Anayejua ni dereva aliyetangulia, na kama unaweza kuonana naye, nenda ukazungumze naye kwa adabu, umuulize na sababu ya kuondoka kwake.

Mgawanyo ungefanyaje katika wiki ileile? Mapato yote yalikuwa 550, mafuta 194, kuosha na kuegesha 30, yakabaki 326. Theluthi yake ni karibu 109 kwa dereva, na tajiri anapata 217 badala ya 240. Amepungukiwa na 23 katika wiki yenye siku mbili mbaya, lakini naamini kwa dhati kwamba hazimpotei. Dereva mwenye deni la hesabu akisikia mlio mpya chini ya gari hunyamaza, kwa sababu kusimama kwa fundi ni hasara yake peke yake, na sehemu ndogo iliyoachwa bila kutengenezwa huharibu kubwa. Ugumu wa mgawanyo ni uaminifu: tajiri lazima aweze kuyajua mapato. Ukitaka kumshawishi, jitolee mwenyewe kuandika kila safari, kilomita za kuanzia na kumalizia, na stakabadhi za mafuta. Asipokubali mgawanyo, omba angalau sharti moja katika hesabu: siku ambayo gari limesimama kwa ubovu usiotokana na dereva, hesabu ipungue kwa kadiri ya saa zilizopotea. Sharti hilo peke yake lingebadilisha siku yangu ya sita.

Ubovu usiotokana na dereva unathibitishwaje? Kwa makabidhiano ya siku ya kwanza, ambayo mimi niliyapuuza kwa kuona haya. Nilikabidhiwa gari ambalo klachi yake ilikuwa imekwisha, na baada ya siku tisa iligoma kabisa. Mwenye gari alisema nimeiunguza mimi, na gharama yake ikakatwa katika malipo yangu kwa wiki nyingi. Sikuwa na karatasi wala ushahidi. Leo ninajua dalili: kanyagio huanza kushika likiwa karibu kufika juu kabisa, na ukiwa gia ya juu kwa mwendo mdogo, ukikanyaga mafuta kwa nguvu, injini hunguruma na mshale wa mizunguko hupanda lakini gari halivuti. Jaribio hilo huchukua dakika moja barabarani, na lifanyike mwenyewe akiwa ndani ya gari. Kisha mzunguke gari pamoja, uandike kilomita, kiwango cha mafuta, hali ya matairi, mikwaruzo iliyopo, tairi la akiba na jeki, upige picha, na wote wawili muweke sahihi. Hakuna ukosefu wa adabu katika jambo hilo. Tajiri anayekasirishwa na karatasi ya makabidhiano amekuonyesha mapema namna atakavyokutendea siku ya ajali.

Nikitaja ajali, soma hati ya bima kwa macho yako, usiambiwe tu kwamba bima ipo. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haigusi gari linalobeba abiria au mizigo kwa malipo, na kampuni ya bima ina haki ya kukataa dai. Angalia pia kama inaruhusu dereva mwingine zaidi ya mwenye gari, na kama daraja la leseni yako linalingana na aina na uzito wa gari hilo. Ndani ya mkataba wenu iandikwe nani analipa sehemu ya kwanza ya gharama ambayo bima humwachia mteja.

Ushirika wa kusambaza mizigo una siku zake mbaya za namna nyingine, nazo hujificha ndani ya saa. Ukilipwa kwa kila kifurushi kilichopokelewa, kifurushi ambacho mteja hakupatikana kimekula muda na mafuta bila malipo. Niliwahi kupakia vifurushi 30, nikafikisha 24, na sita nikavirudisha. Kusubiri kupakia kulichukua saa mbili, barabarani saa sita, na kurudisha mizigo pamoja na stakabadhi saa moja. Mwenzangu alikuwa akigawa malipo kwa saa sita. Mimi nilipaswa kugawa malipo ya vifurushi 24 kwa saa tisa, na jibu lake lilikuwa dogo kuliko ujira wa kibarua wa kawaida. Hesabu kilomita vivyo hivyo, kwenda na kurudi, kwa sababu gari tupu linakunywa mafuta pia.

Neno mshirika lenyewe linahitaji uangalifu. Mwenzako akikwambia kwamba yeye analeta gari, wewe unaleta leseni, na faida mtagawana nusu kwa nusu, muulize faida inahesabiwa baada ya kuondoa nini. Ninavyoona mimi ni haki kwamba ujira wa dereva uondolewe kwanza kama gharama, kama yanavyoondolewa mafuta, matengenezo na fungu la kuchakaa kwa gari, na kinachobaki ndicho kigawanywe. Bila hivyo, mwezi usio na faida utakuwa umeendesha bure. Mkubaliane pia kwa maandishi kama hasara inagawanywa, na nani anadaiwa mzigo ukipotea au fedha za mteja zikipungua.

Kama bado unasita baina ya njia hizi, omba kwanza siku za kushikia, yaani kumpumzisha dereva mwenye gari lake la kila siku, kwa malipo ya siku yaliyotajwa kabla ya kuwasha injini. Fanya hivyo kwa majuma mawili au matatu, na kila jioni uandike mambo matano: mapato, lita za mafuta, kilomita, saa zote tangu kutoka nyumbani, na saa ambazo gari lilisimama. Ukiwa na kurasa hizo, tajiri akikutajia hesabu yake, utaitoa katika siku yako mbaya kuliko zote na kuona kinachobaki.