Asilimia 40 zaidi ya nini?

Jumanne tulikuwa kwa mitingi ya ndani pale ofisini Kilimani, dogo mmoja anatuonyesha slaidi za klayenti mpya anayeuza magodoro. Slaidi zimepangwa poa, rangi zinaongea, halafu slaidi ya saba hii hapa: KPI yetu ni kuongeza mauzo kwa asilimia 40 ndani ya miezi mitatu. Nikamuuliza, asilimia 40 zaidi ya nini? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la nyanya yake. "Zaidi ya... za saa hii, bro." Na za saa hii ni ngapi? Kimya. Sikucheka, kwa sababu hiyo sentensi mimi niliiandika neno kwa neno nikiwa na umri wake, tena ikanilia invoisi ya mwezi mzima.

So hii ni yenu mlioingia ajensi juzi. Nitajaribu kuweka namba lakini mnanijua.

1. Hesabu kabla ya kuahidi.

Klayenti wangu alikuwa mzee wa sofa, wale wa Ngong Road, karakana nyuma na shoruum mbele. Bajeti ya matangazo laki mbili kwa mwezi, ada yetu elfu 60. Mimi nikaandika kwa proposo "kuongeza mauzo kwa asilimia 30", nikaiweka kwa herufi nene, mzee akafurahi, tukapiga picha. Hakuna mtu aliuliza anauza seti ngapi. Mimi niliona aibu kuuliza, nilidhani nitaonekana sijui kazi, na yeye alidhani kama nimesema 30 basi nimeshapiga hesabu mahali. Tukaanza katikati ya Novemba.

Fika katikati ya Februari, ripoti ya mwezi wa tatu. Nimevaa shati la pasi, naonyesha grafu: gumzo 640 za WhatsApp kutoka kwa matangazo, kila moja kama shilingi 312. Mzee ananisikiza mpaka mwisho halafu anauliza, "Kijana wangu, hizi meseji 640 nitazikalia? Mimi nauza kiti." Akatoa kitabu cha riseti, kile cha kaboni, akakifungua mbele yangu. Mwezi huo wameuza seti 11. Akafungua kingine, Novemba ya mwaka uliotangulia, kabla hajanijua: seti 31. "Uliniambia 30 juu ya hizi. Ziko wapi?" Nilianza kuongea mambo ya richi na watu kuijua brandi, nikiwa katikati ya sentensi nikajisikia mwenyewe vile nadanganya.

Invoisi ya tatu haikulipwa. Bosi wangu hakunipigia kelele, alinituma tu nirudi pale Ngong Road nikaombe vile vitabu nivihesabu moja moja, vile ningefanya mwezi wa kumi. Nilikaa kwa stuli ya fundi siku nzima na kalamu, vumbi ya mbao kwa macho. Na hapo ndio nikajua mambo mawili. Ile Novemba ya seti 31, seti 14 zilikuwa za mtu mmoja aliyekuwa anafanishi apatimenti za kukodisha kwa siku. Mtu kama huyo anakuja mara moja na haendi kwa besilaini, yaani yale mauzo ya kawaida unayolinganisha nayo. Ukimtoa zinabaki 17. Pili, Januari na Februari ni Njaanuari, watu wamelipa karo, hakuna mtu anabadilisha sofa. Kipindi kile kile mwaka uliotangulia aliuza seti 8. Toka 8 hadi 11 ni zaidi ya asilimia 37. Yaani ahadi yangu nilikuwa nimeivuka na sikujua, na hata ningejua saa ile singeweza kumwambia, kwa sababu besilaini ukiitafuta baada ya kugombana inaitwa kisingizio.

Kwa hivyo kabla ya kuanza: mauzo ya miezi mitatu iliyopita, pamoja na miezi ile ile ya kampeni mwaka uliopita, kutoka kwa riseti au taarifa ya tili ya M-Pesa, na oda yoyote kubwa ya mara moja unaitoa na kuandika umeitoa. Kama ni picha za simu wamekutumia, sawa, zihesabu hivyo hivyo.

2. Asilimia peke yake sio tageti.

Hii ndio inauma zaidi na inakuja polepole. Nikiwa bado na kale kafuraha ka asilimia 37, bosi akaniuliza seti moja inamwachia mzee pesa ngapi. Nikapiga simu. Bei ya kawaida elfu 65, ukitoa mbao, spongi, kitambaa, fundi na lori anabaki na kama 19,500. Sasa fanya hesabu. Seti za ziada ni 3, mara 19,500, ni 58,500. Mzee ametoa laki mbili za matangazo na elfu 60 zetu. Tulipita tageti na bado tukamtia hasara ya kama laki mbili. Yaani kama angekubali grafu zangu angefilisika akitabasamu.

Tageti ya kweli inaanzia upande ule mwingine. Laki mbili na elfu 60, gawa kwa 19,500, unapata 13 na kitu, so anahitaji seti 14 za ziada kila mwezi ndio asipate wala asipoteze. Juu ya 8 za Njaanuari hiyo ni 22. Inawezekana? Juu ya 17 za Novemba ni 31, pengine. Hapo ndio ungemwambia kabla ya kuanza, Mzee, Januari tushushe bajeti, pesa tuiweke mwezi wa kumi na moja. Hayo ni maongezi ya dakika kumi na kikombe cha chai. Mimi niliyafanya mwezi wa pili nikiwa nimekunja mkia.

3. Lidi ni nini, na ni ya nani?

Meta, wenye Facebook na WhatsApp, inapokuambia gumzo limeanzishwa inahesabu mtu aliyetuma meseji kwa mara ya kwanza au baada ya kunyamaza siku saba. Haijui kama aliandika "bei?" akapotea. Na mnajua Wakenya na "bei?". Mimi na mzee tulikuwa tunatumia neno moja kwa vitu viwili: kwangu lidi ni meseji, kwake ni mtu ameshika tepu ya kupima sebule.

Nilipopitia zile gumzo 640 nikachagua waliosema saizi au rangi, wanakoishi kwa ajili ya delivari, na lini wanataka. Walikuwa kama 160, mmoja kati ya wanne. Hao ndio lidi. Kwa 160, kupata seti 14 ungehitaji kufunga mmoja kati ya kama 11, sio miujiza. Mbona hawakufunga? Jumamosi moja nikakaa tena shoruum nione. Simu ya WhatsApp inakaa kwa droo ya anti anayeuza, yeye anafunga saa kumi na mbili anaenda kukimbizana na matatu za Rongai, simu inabaki. Meseji nyingi zinaingia usiku, watu wakiwa kwa kochi lao bovu wakiota lile jipya. Anti anajibu kesho yake saa tano akimaliza kupanguza vumbi. Mtu wa Syokimau ashaongea na maduka mengine matatu.

Sio kumlaumu anti, hakuna mtu alimwambia ni kazi yake, na mimi ndio nilipaswa kuwa na hiyo karatasi. Gawanya njia ya mteja vipande na kila kipande kiwe na mwenyewe: ajensi inabeba gharama ya kila lidi ya kweli, duka linabeba muda wa kujibu na kufunga. Ukiacha tageti moja tu ya mauzo, siku ya ripoti nyote mnashika mkia wa ng'ombe mmoja na kila mtu anavuta kwake.

4. Vidogo vidogo, nitavipitisha haraka.

Angalia saa za akaunti ya matangazo, ziwe za Nairobi, nimewahi kukuta moja ya Pasifiki na "jana" ya ripoti haikuwa jana ya mtu yeyote. Andika kipimo cha nani ndio cha mwisho, Meta kwa kawaida hujihesabia mteja aliyebofya ndani ya siku saba au aliyeona tu ndani ya siku moja, GA4 ya Google, ile inayohesabu wanaoingia kwa wavuti, ina njia yake, na hazitalingana hata mkeshe. Wiki ya kwanza usiihukumu, seti ya tangazo, ile ad set ya Meta, inahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki ndio itulie. Na kwa sababu pesa inaingia kwa tili na tangazo halioni tili, linki ya WhatsApp unayoweka kwa posti au wavuti iwe na kodi ya kutambulisha ilikotoka ndani ya meseji, kama FB11 hapa, muuzaji aiandike kwa riseti:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20sofa%20FB11
```

Wateja wengine wataifuta hiyo kodi kabla ya kutuma. Wengi hawana hiyo nguvu.

5. Karatasi moja, sahihi mbili.

Besilaini, tageti, maana ya lidi, nani anahesabu na siku gani. Ongeza mstari mmoja unaosema bajeti ikikatwa tageti inashuka nayo, maana watakata, wiki ya tatu, kwa simu, wakiwa kwa trafiki. Mimi huweka pia sakafu: chini ya lidi fulani kwa mwezi tunakaa chini kabla ya kutumia shilingi nyingine. Siku hizi sifungui hata akaunti ya matangazo kabla hiyo karatasi irudi na sahihi, na wenzangu wananiita karani. Sawa tu.

Yule dogo wa magodoro nilimtuma akaombe riseti. Jana karudi, klayenti amekataa, anasema mauzo ni siri yake na pengine anaogopa tutampeleka KRA. Akaniuliza, "Sasa bro nirudishe ile 40?" Nikamwambia aombe idadi badala ya pesa, hesabu ya magodoro bila bei, na akinyimwa hata hiyo basi wiki nne za kwanza ziandikwe kwa mkataba kuwa za kupima, hakuna ahadi ndani yake, tageti zinawekwa wiki ya tano. Alichukua laptopu akaenda kufuta slaidi ya saba.