Barua ya shukrani kwa mume aliyeniuguza

"Mwaka mzima nasafishwa damu kwa ajili ya figo, na mume wangu ndiye ananiuguza. Nataka kumwandikia barua, ila naishia 'asante kwa yote'. Nifanyeje?"

Dada, hiyo "kwa yote" ifute. Anza na jambo moja kama ulivyoliona: "Ulichemsha viazi, ukamwaga maji, ukachemsha tena ili potasiamu ipungue, kisha ukala nami hivyohivyo bila chumvi." Halafu taja ulilolijua ukanyamaza, mathalani aliuza pikipiki akakuambia iko gereji. Hapo ataishiwa maneno. Samahani za kuwa mzigo ziache, la sivyo ataanza kukubembeleza badala ya kupokea shukrani. Ukurasa mmoja watosha. Mpe siku isiyo ya mashine. Siku ya mashine mnarudi nyote hoi.