Dhahabu inang'aa, kito kimezima

"Napiga picha pete za duka la mtandaoni hapa Mji wa Kale. Ndani ya boksi jeupe dhahabu inatoka safi, lakini kito kimepooza. Nifanyeje?"

Ndugu, boksi ndilo linalokizima. Dhahabu iliyosuguliwa huakisi kila kilichoizunguka, hivyo hupenda weupe pande zote. Kito hutaka nukta ndogo ya mwanga mkali, na giza kidogo kando yake. Toboa tundu juu ya boksi, pitisha mwanga wa tochi ndogo, uisogeze polepole ukitazama skrini mpaka kito kimetemete. Rangi ya tochi ifanane na taa zako, la sivyo dhahabu itabadilika rangi. Ukingo wa pete ukimezwa na weupe, simamisha kipande chembamba cha kadi nyeusi kila upande, nje kidogo ya picha. Na vaa glavu. Kwa joto letu, alama za vidole hazikosi.