Fakta yangu ya tatu ilikuwa ni "si-" tu

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza madodoso, kuna kosa nililifanya kwenye dodoso la hisia za wauguzi wa zamu ya usiku na nimeona wengine wakilirudia hivyo hivyo, kwa hiyo naliandika lote. Namba nimezilainisha kidogo ili zishikike kirahisi, mzitazame kama mfano tu.

Nilikuwa na kauli 12. Nne za kuchangamka: nimechangamka, nina ari, nina nguvu, nina furaha. Nne za upande mbaya: nina wasiwasi, nina hofu, nimekereka, nina huzuni. Halafu nne za kukanusha, maana niliambiwa dodoso lazima liwe na kauli za kinyume ili kumnasa anayejibu ovyo: sina wasiwasi, sina hasira, sina huzuni, sijachoka. Majibu kuanzia 1 "hapana kabisa" mpaka 5 "sana".

Sasa fakta ni nini hasa, kabla hatujafika mbali. Wewe huwezi kuona hisia, unaona majibu tu. Ila ukiona watu waliosema sana kwenye "nina wasiwasi" ndio hao hao waliosema sana kwenye "nina hofu" na "nimekereka", unaanza kushuku kuna kitu kimoja nyuma kinachovuta kamba zote tatu. Hicho kitu ndio fakta, na lodingi ni nguvu ya kamba yenyewe. Wasiwasi ikiwa na lodingi 0.8 na hofu 0.7, basi korilesheni yao, yaani kiasi majibu yake yanavyokwenda pamoja, inatakiwa iwe kama 0.8 mara 0.7, ndiyo 0.56. Ukikuta kwenye data ni 0.55, sawa, fakta moja inaeleza. Ukikuta 0.75 kuna kitu kingine kinachoziunganisha hizo mbili ambacho hujakiona, labda maneno yanafanana mno. Hesabu yote ya ndani ya kompyuta ni hiyo tu kwa ukubwa: kutafuta kamba chache zitakazorudisha korilesheni zote karibu na zilivyokuwa.

Nikakimbiza data. Angalizo hapa, SPSS ukibonyeza OK bila kugusa kitu inakupa `Principal components`, ambazo ni muhtasari wa majibu na si fakta hasa, na inabakisha kila chenye `Eigenvalue`, yaani kiasi cha tofauti za majibu kinachobeba, kuzidi 1, na kanuni hiyo mara nyingi inazidisha idadi ya fakta. Mimi natumia R, majibu yakiwa kwenye `d`, ambapo unalinganisha data yako na data ya kubahatisha yenye ukubwa ule ule, unabakisha fakta zinazoishinda bahati:

```r
library(psych)
fa.parallel(d, fa = "fa")
m <- fa(d, nfactors = 3, rotate = "oblimin")
print(m$loadings, cutoff = 0.3)
```

Ikaniambia tatu. Nimetumia `oblimin` kwa sababu inaruhusu fakta zihusiane, na hisia huwezi kuziambia zisihusiane. Ya kwanza kuchangamka, ya pili dhiki, zote safi, na zenyewe kwa zenyewe zilihusiana kwa -0.3 tu. Hapo wengi hushtuka, wanategemea furaha na huzuni ziwe ncha mbili za fimbo moja. Lakini piga hesabu ile ile: kauli ya lodingi 0.8 huku na ya 0.7 kule, katikati kuna -0.3, unapata kama -0.17. Yaani muuguzi anaweza kuwa na ari saa nane usiku huku moyo unamdunda kwa hofu ya mgonjwa wa kitanda cha mwisho, na kuna mwingine hana hofu wala ari, yupo tu anasubiri kupambazuke. Hili si la kwangu peke yangu, ndio umbo ambalo Watson, Clark na Tellegen walilijengea dodoso lao la hisia, PANAS, mwaka 1988, maneno 10 ya upande mzuri na 10 ya upande mbaya.

Ya tatu ndio ilinipa kiburi. Sina wasiwasi, sina hasira, sina huzuni, sijachoka, lodingi zote juu ya 0.5. Nikaiita "utulivu wa ndani", nikaandika kurasa mbili za nadharia, nikampelekea supavaiza. Akasoma jedwali akaniambia, hebu zisome hizo kauli kwa sauti. Nikasoma. Si, si, si, si. Akanyamaza tu ananiangalia.

Niliporudi kwenye data nikaangalia kitu ambacho ningetakiwa kukiangalia siku ya kwanza: korilesheni ya "nina wasiwasi" na "sina wasiwasi". Ni kauli moja imegeuzwa, ilitakiwa iwe hasi na kubwa, -0.7 hivi. Ilikuwa -0.2. Na kulikuwa na watu wamejibu 1 kwenye zote mbili, ambao eti hawana wasiwasi kabisa na hapo hapo hawakosi wasiwasi kabisa. Nikafikiri ni wavivu, wamechora mstari mmoja kushuka chini, ila majibu yao mengine yalikuwa na mpangilio mzuri tu.

Ikabidi nirudi wodini nikae na dada mmoja, nikamsomea "sina wasiwasi" nikamwomba ajibu huku anafikiri kwa sauti. Akasema, "Hapana, sina," akatia alama kwenye "hapana kabisa". Mwenzake aliyekaa pembeni yake akasema, "Ndiyo, sina," akaweka 5. Wote wawili hawana wasiwasi! Tatizo ni kwamba kukubali kauli ya kukanusha kwetu watu hulifanya kwa njia mbili, na kile kidodoso changu kikawa kinapima mtu anatumia njia ipi. Tabia hiyo mtu anaibeba kwenye kauli zote za "si-", kwa hiyo zinaenda pamoja, na kompyuta inaona kamba. Kompyuta haijui kama kamba imetoka moyoni au kwenye sarufi.

Nikazitoa zote nne. Badala yake nikaweka maneno yenye maana yake yenyewe: nimetulia, nimepoa moyo, nimezubaa, nimechoka. Nikakusanya upya kwa watu wengine kabisa, maana ukirekebisha dodoso kwa data ile ile halafu ukalipima kwa data ile ile utapendeza tu bure. Fakta ya tatu ikafa. Zubaa na choka zikaangukia kwenye kuchangamka kwa lodingi hasi, jambo ambalo lina mantiki.

Ila "nimetulia" ikagoma. Ilipata -0.4 kwenye dhiki na 0.3 kwenye kuchangamka, mguu huku mguu kule. Vitabu vitakwambia itupe. Subiri kwanza ujue kutupa kunafanya nini: PANAS ilipendelea maneno yaliyoegemea upande mmoja tu, na ndio maana ndani ya yale 20 hakuna neno la furaha, la huzuni wala la utulivu. Usafi wa zile fakta mbili kwa sehemu umetokana na nani aliachwa nje ya mlango. Kwa wauguzi wa usiku mimi nilitaka kujua hasa nani ametulia, kwa hiyo nikaiacha humo, sikuijumlisha kwenye alama ya upande wowote, na kwenye ripoti nikaitolea matokeo yake peke yake pamoja na zile lodingi mbili mbaya, supavaiza akakuna kichwa akasaini.