Swali moja lina mada tatu: nilikate wapi?

Swali: "Mwalimu, nina karatasi za fizikia za miaka tisa, na nataka kuzigeuza ziwe benki ya maswali ya mazoezi, mada kwa mada. Nimekwama mapema: swali moja linagusa mada tatu, sijui niliweke wapi. Halafu mwongozo wa kusahihisha nilionao unaonyesha jibu na alama tu. Nifanyeje?"

Weka mkasi chini kwanza, mwalimu mwenzangu. Kabla ya kukata chochote, kipe kila kipengele namba yake ya kudumu inayotaja mwaka, karatasi, swali na herufi, kwa mfano 2019-2-07c. Namba hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye karatasi ya asili siku utakapotilia shaka neno au tarakimu. Mchoro au grafu ukiikata kama picha, faili lake nalo lipewe namba hiyo hiyo. Nimewahi kukaa na michoro zaidi ya mia isiyo na majina, na kuirudisha kwa wenyewe kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika maswali yenyewe.

Sasa suala la mada tatu. Linatatanisha kwa sababu unalipanga swali zima, wakati kinachopaswa kupangwa ni kipengele. Chukua swali hili:

Gari lenye tungamo la kilo 800 linaanza kutoka hali ya kusimama na kufikia mwendokasi wa 20 m/s kwa sekunde 8, likiwa na mchapuko usiobadilika. (a) Tafuta mchapuko wake. (b) Tafuta umbali lililosafiri katika sekunde hizo. (c) Tafuta kani jumla iliyolisukuma. (d) Tafuta kazi iliyofanywa na kani hiyo. Kila kipengele kina alama 2.

Vipengele (a) na (b) ni vya Mwendo, (c) ni Sheria za Newton, (d) ni Kazi na Nishati. Usiamue kwa neno linaloonekana kwenye swali. Neno "gari" limewapeleka wengi kwenye Mwendo bila sababu. Lifanye swali kwa kalamu, uone hatua inayobeba alama inatoka mada gani. Hiyo ndiyo mada kuu, nayo iwe moja tu. Mada nyingine ambayo mwanafunzi lazima awe ameisoma ndipo aweze kujibu, iandike kwenye safu ya pembeni. Orodha ya mada itoe kwenye mtaala unaotumika sasa, ijaribu kwa karatasi mbili, kisha uifunge. Ukiruhusu mada mpya kila unapokutana na swali gumu, utafika mwisho na mada arobaini, nusu yake zikiwa na swali moja moja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Ukikitoa (c) peke yake, hakina tena mchapuko wa kuanzia. Itabidi ukiandike upya: "Gari lenye tungamo la kilo 800 lina mchapuko wa 2.5 m/s². Tafuta kani jumla inayolisukuma." Swali linasimama lenyewe, lakini limekuwa rahisi zaidi, na mwongozo wake wa zamani haulifai tena. Katika karatasi ya asili, mwanafunzi aliyezidisha 20 kwa 8 badala ya kugawanya alipata mchapuko wa 160. Akifika (c) anaandika 800 × 160 na kupata nyutoni 128,000. Jibu si sahihi, lakini kosa alishaadhibiwa kwenye (a), na njia aliyotumia kwenye (c) ni sahihi. Msahihishaji mwadilifu anampa alama zake 2 za (c). Ukikata kipengele na kumpa mchapuko, kosa la kurithi halipo tena, na sentensi inayoliruhusu inabidi iondoke kwenye maelezo.

Kwa (d) hasara ni kubwa zaidi. Ukimpa kani ya nyutoni 2,000 na umbali wa mita 80, atazidisha na kupata jouli 160,000. Lakini kwenye swali zima kulikuwa na njia ya pili: nusu ya tungamo mara mwendokasi kwa kipeo cha pili, yaani ½ × 800 × 20², nayo inatoa jouli 160,000 zile zile. Ukiuacha mwendokasi nje ya swali jipya, umeifunga njia hiyo, na ndiyo inayomwonyesha mwanafunzi kwamba kazi imegeuka nishati ya mwendo. Mimi huuacha mwendokasi ndani na kukubali njia zote mbili. Swali zima nalo silitupi. Nalihifadhi kwenye mada yangu ya mwisho, Maswali Mchanganyiko, pamoja na mwongozo wake wa asili.

Maelezo ya kusahihisha yanahitaji mambo matatu: hatua ipi inaleta alama ipi, njia gani nyingine inakubalika, na kosa la kawaida linapata nini. Ya kipengele (d) niliyaandika hivi:

"Alama 1 kwa kuzidisha kani kwa umbali, au kwa kutumia kanuni ya nishati ya mwendo. Alama 1 kwa 160,000 J. 160 kJ ikubaliwe. Tarakimu sahihi bila kizio: alama ya jibu isitolewe. Aliyesahau kipeo cha pili akapata 8,000: alama 0, kwa kuwa kanuni yenyewe si sahihi."

Hukumu ya mwisho unaweza kuipinga, na ukiwa na sababu badilisha. La muhimu ni iandikwe, ili wanafunzi wawili wenye kosa lile lile wapate alama zile zile. Kuipima, mpe mwalimu mwingine nakala tano za majibu, msahihishe kila mtu peke yake kwa maelezo hayo, kisha mlinganishe. Mkitofautiana, msibishane juu ya mwanafunzi. Tafuteni sentensi iliyowaruhusu kuisoma kwa namna mbili, muiandike upya.

Karatasi za picha ukizipitisha kwenye programu inayogeuza picha kuwa maandishi, soma vipeo kimoja kimoja. 10⁻³ hutoka kama 10-3, na m/s² huwa m/s2. Jicho lililochoka halioni. Angalia pia thamani ya mvutano: karatasi moja inatumia 10 m/s², nyingine 9.8. Iandike ndani ya kila swali linaloihitaji, maana kwenye karatasi ya asili mara nyingi ilikuwa ukurasa wa kwanza tu.

Jedwali la kawaida linatosha kuhifadhi vyote: safu A namba, B swali, C alama, D mada kuu, E mada ya pembeni, F maelezo ya kusahihisha. Ukitaka maswali mafupi ya mada moja kwenye Google Sheets, andika:

```
=FILTER(A2:F600, (D2:D600="Kazi na Nishati")*(C2:C600<=3))
```

Jina la mada liandikwe vile vile kila mara. Nafasi moja ya ziada mwishoni inatosha kulificha swali.

Karatasi mbili za karibuni usiziguse kabisa. Mwanafunzi anayefanya mazoezi chini ya kichwa "Kazi na Nishati" ameshaambiwa kanuni ipi aifikirie, na kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kumwambia. Mpe karatasi hizo mbili nzima, kwa muda wake kamili, akishamaliza mada zote.